Kwa Nini BMI Humwita Mchezaji Mwenye Misuli Mnene

Mchezaji wa raga anakwenda kupimwa afya kabla ya msimu kuanza. Anapanda kwenye mizani, urefu wake unasomwa ukutani, muuguzi anabonyeza kikokotoo na kuandika kwenye kadi: "uzito uliozidi". Kitambi hana, na mbio anazimudu kuliko wote waliopanga foleni nyuma yake. Maswali yanayofuata ndiyo ambayo wachezaji na makocha huyauliza mara kwa mara kuhusu kipimo hicho.

BMI inakokotolewaje, na inamkosea vipi mwenye misuli?

Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mtu mzima, jibu la 18.5 hadi chini kidogo ya 25 huhesabiwa kuwa la kawaida, 25 hadi chini ya 30 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri.

Mfano mzuri ni Jonah Lomu, winga wa New Zealand. Tarehe 18 Juni 1995, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Cape Town, aliifunga Uingereza trai nne, moja akimkanyaga mlinzi wa mwisho na kupita. Alikuwa na urefu wa takribani mita 1.96 na uzito wa kilo 119 hivi. Ukizidisha 1.96 kwa 1.96 unapata 3.84, kilo 119 ukizigawa kwa hiyo unapata 31. Kwa kadi ya kliniki, mtu aliyewashinda mbio mabeki wa Uingereza alikuwa na unene uliokithiri.

Kosa halimo kwenye hesabu. Limo katika kile ambacho hesabu haikuulizwa. Fomula inapokea kilo zote kwa jumla, bila kujua ngapi ni misuli, ngapi ni mifupa na maji, na ngapi ni mafuta. Watu hupenda kueleza kwamba misuli ni mizito kuliko mafuta, na ni kweli: lita moja ya misuli ina kilo 1.06 hivi, ya mafuta kama 0.9. Lakini hiyo ni sehemu ndogo tu ya jambo. Kubwa zaidi ni kwamba mwanamichezo ameongeza kilo nyingi za misuli ambazo mtu wa kawaida hana, na fomula inazihesabu kana kwamba ni mafuta.

Kwa nini basi kitumike kipimo kama hicho?

Kwa sababu hakikutungwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji, aliona katika miaka ya 1830 kwamba uzito wa watu wazima hukua takribani sambamba na mraba wa urefu wao. Alikuwa anamtafuta mtu wa wastani, si mgonjwa wa kumtibu. Mwaka 1972 mtafiti Ancel Keys na wenzake wakaipa fomula hiyo jina inalotumia leo, baada ya kuilinganisha na unene wa mafuta chini ya ngozi kwa maelfu ya wanaume wa nchi kadhaa.

Katika umati wa watu wasiobeba vyuma, aliyezidi uzito kwa kawaida amezidi mafuta, kwa hiyo kipimo kinafaa kutazama hali ya taifa zima. Ukikipeleka kwenye kikosi cha raga kinapotea. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulikokotoa BMI ya wachezaji wa ligi yao ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani: asilimia 97 walikuwa na 25 au zaidi, na zaidi ya nusu walivuka 30.

Mchezaji apime nini badala yake?

Aanze na kiuno. Wachukuliwe wanaume wawili, kila mmoja ana mita 1.75 na kilo 86, BMI 28. Wa kwanza ananyanyua vyuma na kiuno chake ni sentimita 82. Wa pili anashinda kwenye kiti, kiuno kina sentimita 101. Gawanya kiuno kwa urefu: wa kwanza anapata 0.47, wa pili 0.58. Mpaka unaotumika ni 0.5, yaani kiuno kisifike nusu ya urefu. Uingereza iliuingiza kwenye mwongozo wake wa afya mwaka 2022. Mizani iliwaona watu hawa kama mapacha. Futi kamba ya fundi cherehani imewatenganisha. Nayo hupima mahali penye hatari hasa, kwa kuwa mafuta yanayozunguka ini na utumbo ndiyo yanayofungamana zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo.

Wengi hukosea mahali pa kupimia. Saizi ya suruali haisaidii, maana mwenye kitambi huvaa suruali chini ya kitambi. Tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na uzungushe futi kamba katikati ya hapo, kwenye ngozi, ikiwa sawa mbele na nyuma. Toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo, ndipo usome.

Na mashine zinazotaja asilimia ya mafuta?

Mizani ya umeme hupitisha mkondo mdogo mwilini. Misuli ina maji mengi, hivyo huupitisha kirahisi, mafuta huuzuia. Ndiyo maana mchezaji aliyetoka mazoezini akiwa amekaukiwa na maji anaweza kuambiwa ana mafuta mengi kuliko alivyoamka nayo. Na ile ya kukanyaga kwa miguu tu husoma zaidi miguu na kukisia sehemu nyingine. Ikitumika, iwe asubuhi, kabla ya kula na kufanya mazoezi, na ni mashine ileile kila mara.

Kocha mwenye bajeti ndogo atafaidika zaidi na koleo la kupimia mafuta ya chini ya ngozi. Ngozi hubanwa kwa kidole gumba na cha shahada, koleo huwekwa, na baada ya sekunde kama mbili husomwa milimita. Kwa wanaume sehemu tatu zinazotumika sana ni kifua, tumbo na paja. Fomula za kugeuza milimita kuwa asilimia zinaweza kukosea kwa asilimia tatu au nne, kwa hiyo ni afadhali kufuatilia jumla ya milimita zenyewe, na mpimaji awe yuleyule.

Kipimo cha eksirei za nguvu mbili, ambacho hospitali hukitumia kupima uimara wa mifupa, hutenganisha mafuta, mifupa na tishu nyingine vizuri kuliko hivi vyote. Gharama yake humfanya mchezaji wa kawaida akisikie tu.

Je, mwanamichezo asiijali BMI kabisa?

Asiitumie kujihukumu, lakini pia asijifiche nyuma ya neno "misuli". Baadhi ya wachezaji wakubwa wa safu za mbele wana misuli mingi na mafuta mengi ya tumboni kwa pamoja. Kiuno ndicho kitakachosema kama naye ni mmoja wao.

Hatari ya kimyakimya huja baada ya kustaafu. Aliyekuwa na kilo 86 uwanjani anaweza kubaki na kilo 86 miaka kumi baadaye, BMI ileile 28, huku kilo kadhaa za misuli zimeondoka na mafuta yameshika nafasi yake. Mizani haitamwambia neno. Kwa hiyo mchezaji aliyeacha mazoezi makali ajipime kiuno kila baada ya miezi michache, na kikifika nusu ya urefu wake aende kupimwa shinikizo la damu na sukari, hata kama uzito haujaongezeka kilo moja.