Vijinzi na Wadudu Unga Kwenye Maua ya Ndani: Kuwadhibiti Bila Dawa Kali

Vijinzi weusi wanapoanza kuruka juu ya chungu cha maua sebuleni, wengi hukimbilia dawa ya kupuliza. Kijitabu hiki kinapinga hatua hiyo kwa sababu moja kubwa: dawa humpata mdudu anayeonekana, ilhali chanzo cha tatizo kimejificha. Kijinzi anayeruka huishi takriban wiki moja na haumi mmea. Anayekula ni funza wake, aliye katika sentimita chache za juu za udongo, akila ukungu, mabaki yanayooza na vijizizi vichanga. Hukaa humo kama wiki mbili, na zaidi pakiwa na baridi. Ukipuliza leo, siku chache zijazo wengine watatoka udongoni, nawe utakuwa umewavutisha watoto hewa yenye sumu katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi.

Kinachowalea funza hao ni unyevu, na hapa Kapsoit unyevu hauhitaji kutafutwa. Ukanda wa chai wa Kericho hupata mvua karibu kila mwezi na hewa yake ni baridi, kwa hiyo chungu kilichomwagiwa maji Jumatatu huenda bado kikawa kimelowa Ijumaa. Juu ya hayo, ipo desturi ya kumwaga machicha ya chai kwenye maua kama mbolea. Majani ya chai yaliyochemshwa na maziwa na sukari huota ukungu upesi yakilala juu ya udongo uliolowa, na ukungu huo ndio chakula cha funza. Machicha yapelekwe kwenye shimo la mboji nje. Samadi mbichi nayo isitiwe kwenye chungu cha ndani.

Ili kuhakikisha kama wamo, kata kipande cha kiazi kibichi chenye unene wa sentimita moja, ukikandamize juu ya udongo, kisha ukiinue baada ya siku mbili au tatu. Ukiona upande wa chini vijidudu vyembamba, vyeupe, karibu vya kupenyeza mwanga, vyenye kichwa cheusi kinachong'aa, hao ndio. Toa machicha na majani makavu, kisha usimwagie maji tena mpaka kidole kikizama sentimita tatu kikute udongo mkavu. Baada ya kumwagilia, mwaga maji yaliyobaki kwenye kisahani. Kadi ya manjano iliyopakwa gundi huwanasa wanaoruka na kukuonyesha kama wanapungua, lakini peke yake haimalizi kazi.

Mtu atauliza kama mmea hautakufa kwa kiu. Mimea mingi ya ndani yenye majani mazito huvumilia hali hiyo, kwa kuwa mizizi yake mingi iko chini zaidi, ambako udongo bado una maji. Miche michanga na mimea kama kangaga haivumilii. Hiyo iwekwe kwenye beseni la maji kidogo inyonye kutoka chini kwa nusu saa, ili juu pabaki pakavu. Vijinzi wataendelea kuonekana kwa wiki mbili tatu, maana waliokuwa udongoni hawana budi kutoka. Huko si kushindwa kwa njia hii.

Wadudu unga ni jambo jingine. Hawa hufyonza utomvu, nao huonekana kama vipande vya pamba kwenye kikonyo, mahali jani linapoungana na shina. Nta iliyowafunika huzuia dawa nyingi, na kifuko kimoja cha pamba huweza kuwa na mamia ya mayai. Ndiyo maana mkono hufaa kuliko bomba. Tenga chungu, lowesha pamba kwa spiriti ya asilimia 70 na umguse kila mdudu mpaka weupe uyeyuke. Kisha changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji kwa lita moja ya maji, jaribu kwenye jani moja, na ukiona halijaungua baada ya siku mbili, futa mmea wote, hasa chini ya majani. Usitumie sabuni ya unga. Rudia kila wiki kwa mwezi mzima, kwa kuwa spiriti haiyafikii mayai yote.

Kwamba wadudu wa jamii hii hushindwa bila dawa si nadharia. Wadudu unga wa mihogo walioonekana Kongo mwaka 1973 walienea sehemu kubwa ya Afrika, nao wakadhibitiwa hasa na nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Paraguay na kuachiliwa kuanzia mwaka 1981. Sebuleni nyigu hatafaa, kwa hiyo pamba na spiriti huchukua nafasi yake.

Ukiona mmea unadhoofika ingawa majani ni safi, utoe chunguni: weupe wa unga kwenye mizizi una maana kwamba wadudu unga wako chini pia. Mmea wa aina hiyo, kama si wa thamani, ufungwe kwenye mfuko na kutupwa pamoja na udongo wake, na chungu kioshwe kwa maji moto na sabuni kabla ya kupanda mmea mwingine.