Msako wa hitilafu: wahasibu na wahudumu wanapoijaribu programu

Kabla ya kuitoa programu mpya, baadhi ya kampuni hutenga muda ili wafanyakazi wa idara zote wasake hitilafu. Mpimaji wa programu anaeleza msako huo unavyopangwa, kwa mfano wa programu ya simu ya chama cha akiba na mikopo.

Wapimaji wapo. Kwa nini kuwaita wahasibu?

Kwa sababu wanaitumia programu kwa mazoea ya kazi yao. Msanidi akijaribu malipo huandika 10000. Mhasibu huandika 10,000, kama alivyozoea kwenye risiti. Ikiwa kiasi hicho kinasomwa kwa `parseFloat("10,000")` ya JavaScript, usomaji hukomea kwenye mkato na jibu ni 10. Mwanachama amerejesha shilingi elfu kumi, mfumo umeandika kumi, na hakuna onyo lolote lililotokea.

Mipaka iwekwe vipi?

Chagueni kazi moja au mbili, mfano kuomba mkopo na kuurejesha. Dakika 90 zinatosha; zaidi ya hapo watu huchoka. Tumieni seva ya majaribio na akaunti za kubuni, kamwe si taarifa za wanachama. Toleo lisibadilishwe katikati ya msako, la sivyo hamtajua hitilafu ni ya toleo lipi. Bandikeni pia orodha ya hitilafu zinazojulikana na kurasa ambazo hazijakamilika. Kisha wapeni watu wawili wawili jukumu mahususi, kama vile kurejesha mkopo huku mtandao ukikatika.

Na alama?

Mkihesabu idadi ya ripoti, mtaletewa makosa mengi ya tahajia. Pimeni madhara: alama 10 kwa hitilafu inayopoteza fedha au taarifa, 5 kwa inayozuia kazi kukamilika, 1 kwa ya mwonekano. Aliyeripoti kwanza ndiye anayepata alama. Anayefuata hupata moja akiongeza jambo jipya, mfano kwamba inatokea kwenye simu za aina fulani tu. Ripoti ieleze hatua zilizofuatwa, kilichotarajiwa, kilichotokea, aina ya simu, na iwe na picha ya skrini. Alama zitangazwe baada ya uchambuzi, kwa sababu ripoti nyingine huwa si hitilafu.

Msako ukiisha?

Kesho yake msanidi mkuu, mpimaji na msimamizi wa bidhaa wapitie kila ripoti. Kila moja ipewe uamuzi: irekebishwe kabla ya kutoa toleo, isubiri, imejirudia, haikuweza kurudiwa, au si hitilafu. Ya kurekebishwa ipewe mtu na tarehe. Mwenye ripoti ajulishwe uamuzi na sababu yake; asipojibiwa, msako ujao hatakuja.

Rekebisho likikamilika, mrudishieni aliyeiona hitilafu alijaribu. Mhasibu wetu ataandika 10,000, kisha 10,000.50, halafu atafungua taarifa ya mkopo kuona kama salio limepungua ipasavyo. Hapo ndipo ripoti yake ifungwe.