Simu ya Kijana, Nyumbani na Shuleni: Barua ya Walimu kwa Wazazi

Ndugu wazazi na walezi,

Tunawaandikia kutoka Njoro, Manispaa ya Moshi, kuhusu jambo ambalo shule haiwezi kulisimamia peke yake. Wanafunzi hawaruhusiwi kutumia simu shuleni, na kanuni hiyo inafahamika. Hata hivyo, kijana akirudi nyumbani hupokea simu ya mama kwa ajili ya kazi za masomo, au huwa na yake aliyopewa na ndugu. Hapo kanuni ya shule hukoma, na mara nyingi hakuna nyingine inayochukua nafasi yake. Tunapendekeza kanuni nne. Tutaanza na mfano unaoonyesha sababu ya kuzihitaji.

Tuchukue kijana wa kidato cha pili anayetumia simu ya mama yake jioni. Anapigiwa na mtu anayejitambulisha kuwa mwanakundi mwenzake wa masomo. Mtu huyo anasema ametuma kimakosa namba yenye tarakimu sita kwenye simu hiyo, na anaomba asomewe. Kijana anaifungua meseji, anaisoma, na simu inakatwa. Baada ya dakika chache, WhatsApp ya mama inafungwa.

Kilichotokea ni hiki. Tapeli ameingiza namba ya mama kwenye WhatsApp iliyo katika simu yake mwenyewe. Kampuni ikatuma namba ya uthibitisho kwa mwenye laini, kwa kuwa ndiye pekee anayepaswa kuiona. Kijana alipoisoma kwa sauti, alimkabidhi tapeli ufunguo wa akaunti. Sasa tapeli anaandika kwa jina la mama katika kundi la ukoo na la kikoba: amepatwa na dharura, anaomba atumiwe fedha kwenye namba nyingine. Shangazi aliyeko Marangu anatuma, na wanakikoba wawili wanatuma.

Hasara hiyo ingeweza kuzuiwa kwa dakika kumi. Mama angeingiza upya namba yake kwenye WhatsApp, angepokea namba mpya ya uthibitisho kwa meseji, na akiiingiza tu tapeli angetolewa. Iwapo tapeli amekwisha kuweka namba yake ya siri ya hatua ya pili, mama angelazimika kusubiri siku 7 kabla ya kuitumia tena akaunti. Lakini hata hapo tapeli angekuwa ametoka, na ndugu wangepigiwa simu ya kawaida na kuonywa. Katika mfano wetu hayo hayakufanyika, kwa kuwa kijana alinyamaza siku mbili. Alijua kwamba akisema, atanyang'anywa simu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hapa kilio kilikuwa cha shangazi.

Ndiyo maana kanuni yetu ya kwanza ni hii: kijana anayetoa taarifa mapema hanyang'anywi simu kwa kosa alilolitaja mwenyewe. Anaweza kuelekezwa na kusimamiwa kwa karibu zaidi, lakini adhabu ya kunyang'anywa ibaki kwa anayeficha. Kanuni hii inahusu pia vitisho. Mtu akimtishia binti au mvulana kwamba atasambaza picha zake asipotuma fedha au picha nyingine, nguvu yote ya mtu huyo inatokana na ukimya wa mtoto. Mzazi akiambiwa, asifute kitu: ahifadhi ujumbe na namba, asilipe, na apeleke taarifa polisi.

Kanuni ya pili inahusu laini na fedha. Laini anayotumia mtoto husajiliwa kwa jina la mzazi au mlezi, hivyo linalofanywa kwa laini hiyo humrudia aliyeisajili. Piga *106# na ufuate maelekezo ili kuona ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho cha NIDA. Usiyoitambua, ifuatilie kwa mtoa huduma. Namba ya siri ya akaunti ya fedha asipewe mtoto, hata anapotumwa kununua umeme au kifurushi. Inapowezekana, laini yenye fedha za familia ikae katika simu ndogo ya vitufe inayobaki kwa mzazi, na simu janja ya masomo iwe na laini isiyo na fedha. Aidha, weka uthibitisho wa hatua mbili katika sehemu ya akaunti ya WhatsApp, kwa namba ya siri ambayo mzazi pekee anaijua. Katika mfano wetu, kinga hiyo ingemzuia tapeli hata baada ya kusomewa zile tarakimu sita.

Ujumbe wa kitapeli, kama ule wa kuagiza fedha itumwe kwenye namba nyingine, usifutwe kabla ya kutolewa taarifa. Usambaze kwenda 15040, kisha utume namba iliyouleta utakapoombwa. Huduma hii ya Mamlaka ya Mawasiliano husaidia namba hiyo kushughulikiwa kabla haijamfikia jirani.

Kanuni ya tatu ni ya usiku. Vifurushi vya usiku huuzwa kwa bei nafuu, na kijana mwenye shilingi chache atavichagua. Matokeo yake tunayaona darasani asubuhi: macho mazito na daftari lisilo na kazi. Tunapendekeza kwamba kuanzia saa 3 usiku simu zote za vijana zichajiwe chumbani kwa wazazi au sebuleni, na kijana anayehitaji kuamshwa atumie saa ya kawaida. Ni rahisi kujua iwapo kanuni inafuatwa: simu iliyolala ikiwa na chaji kamili haiwezi kuamka ikiwa na nusu. Tazama pia meseji za ununuzi wa vifurushi, ambazo huonyesha saa. Kanuni hii haitadumu iwapo mzazi mwenyewe anajibu ujumbe kitandani hadi usiku wa manane.

Kanuni ya nne ni ya shule: simu ibaki nyumbani. Mzazi mwenye dharura apige namba ya shule, naye mwanafunzi ataitwa. Tunajua wapo wanaosafiri mbali na kufika kwao giza likiwa limeingia. Mzazi wa mwanafunzi wa namna hiyo asimfichie simu kwenye begi. Aje azungumze na mwalimu wa darasa, tutafute njia inayofahamika na pande zote mbili. Simu iliyofichwa haimsaidii mtoto njiani, kwa kuwa anaogopa kuitoa mbele ya wenzake, na ikiibwa ataogopa kusema.

Tunaomba kanuni hizi zisisomwe kama amri. Kaeni na kijana, mwambieni aeleze anatumia simu kwa nini na saa ngapi, kisha mkubaliane na kuziandika kwenye karatasi moja itakayobandikwa mahali simu zinapochajiwa. Adhabu nayo iandikwe, iwe fupi na ya kiasi: atakayevunja kanuni ya usiku, kwa mfano, akae siku tatu bila simu, si muhula mzima. Adhabu isiyo na mwisho humfundisha kijana kutafuta simu ya pili, ambayo mzazi hataijua.

Mwisho, fanyeni jaribio moja wiki hii. Mwulizeni kijana: "Mtu akikupigia na kuomba namba iliyoingia kwenye meseji, utafanya nini?" Jibu sahihi lina sehemu mbili: simsomei, na ninakuambia. Akijibu sehemu ya kwanza tu, anzeni na kanuni ya kwanza.

Wenu katika malezi,
Walimu wa darasa,
Njoro, Moshi