Kufupisha Hesabu za SACCOS Kutoka Kwenye Picha

Wanachama wengi wa SACCOS huziona hesabu za chama chao siku ya Mkutano Mkuu tu, katika kabrasha linalokusanywa kikao kinapokwisha. Ukiruhusiwa, zipige picha kwa simu. Kurasa tatu zatosha: mizania, taarifa ya mapato na matumizi, na maelezo kuhusu mikopo. Kichwa cha jedwali kionekane katika kila picha, kwani hapo ndipo huandikwa "Sh. '000", yaani kila kiasi ni cha maelfu. Safu nyembamba iliyotangulia takwimu za miaka si fedha bali ni namba za maelezo, na kiasi kilichofungwa katika mabano ni cha kutoa.

Tuchukue mfano wa chama kimoja cha kubuni, hesabu zikiwa katika maelfu ya shilingi. Katika picha ya mizania ya mwaka 2024, mikopo yasomeka 830,000 au 880,000. Mwanga umeifuta tarakimu ya kati. Usikisie. Fedha taslimu na benki ni 54,000, mali nyingine zote ni 66,000, na jumla ya mali ni 1,000,000. Ukitoa hizo mbili kwenye jumla, inabaki 880,000.

Sasa andika takwimu chache, mwaka uliopita kando ya mwaka huu. Badiliko hupatikana kwa kutoa cha zamani kwenye kipya, kisha kugawa kwa cha zamani na kuzidisha kwa 100. Ziada ilikuwa 30,000, sasa ni 36,000: imepanda kwa asilimia 20. Hiyo ndiyo takwimu itakayopigiwa makofi mkutanoni.

Fungua picha ya maelezo. Mikopo yote, kabla ya kutoa tengo, imetoka 800,000 hadi 920,000, ongezeko la asilimia 15. Mikopo iliyochelewa kulipwa imetoka 40,000 hadi 92,000, ongezeko la asilimia 130. Mwaka jana ilikuwa asilimia 5 ya mikopo yote. Mwaka huu ni asilimia 10.

Tengo ni fedha zinazowekwa kando kwa hofu kwamba baadhi ya wakopaji hawatalipa, nalo huhesabiwa kuwa gharama. Katika taarifa ya mapato na matumizi, gharama hiyo imeshuka kutoka 20,000 hadi 12,000. Kama ingebaki 20,000, ziada ingekuwa 28,000, chini ya ile ya mwaka jana. Ziada imepanda kwa sababu chama kimetenga kidogo, ilhali deni lililochelewa limezidi maradufu.

Huenda ipo sababu halali, kwa mfano dhamana imara zaidi. Picha haziwezi kuieleza. Kabla gawio halijapitishwa, mwulize mwenyekiti wa bodi: kwa nini tengo limepunguzwa, na ni kiasi gani cha hizo 92,000 kimelipwa tangu mwaka wa hesabu ufungwe?