Dondoo muhimu: Vipima vitatu vinapotofautiana

Saa tisa usiku, mwendeshaji wa boila aliona vipima vitatu vya kina cha maji vikisoma asilimia 50, 51 na 58. Akafungua grafu ya zamu: viwili vimetulia, cha tatu kimepanda polepole tangu jioni. Maji yanayoingia na mvuke unaotoka havikubadilika, na kioo cha boila kilionyesha nusu.

Mtambo ulifuata namba ya katikati, 51. Wastani ungekuwa 53, na valvu ingepunguza maji bila sababu. Asubuhi mafundi walikuta bomba la rejea la kipima cha tatu linavuja. Maji ya humo yakipungua, kipima husoma juu.

Angalizo: vipima viwili vikipotoka pamoja, namba ya katikati hupotoka navyo. Usiache kuangalia kioo.