Duara Lililojaa Vipande: Lini Tuliache na Tutumie Nini Badala Yake

Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja alipewa somo la takwimu darasa la sita, katika shule ya msingi wilayani Muleba. Alijiandaa vema. Alikuwa na bikari ya ubao, kipimapembe cha mbao na chaki za rangi, akachora duara kubwa lililoonyesha idadi ya watu wa Mkoa wa Kagera kwa Sensa ya mwaka 2012. Duara lilikuwa na vipande vinane, kimoja kwa kila wilaya au manispaa, na hesabu zake zote zilikuwa sahihi. Alipomaliza aliwaomba wanafunzi waulize maswali. Msichana mmoja akasimama: "Mwalimu, kati ya Ngara na Biharamulo, wapi kuna watu wengi zaidi?"

Mwanachuo aliutazama ubao, akapima kwa macho, akainua kipimapembe na kupima tena. Mwisho alilazimika kurudi kwenye daftari lake la maandalizi ili asome namba. Hapo ndipo kosa la somo lilipojionyesha. Ikiwa mwenye kuchora hawezi kupata jibu katika mchoro wake mwenyewe, mtoto wa darasa la sita atalipataje? Makala hii inachunguza sababu ya jambo hilo na kueleza namna ya kuchora upya takwimu zilezile ili zisomeke.

Takwimu zenyewe

Hizi ndizo namba alizotumia. Idadi imekadiriwa kwa maelfu, na pembe imekadiriwa kwa nyuzi nzima, kwa kuwa vipimapembe vya wanafunzi havisomi chini ya hapo.

Muleba: watu 540,000, nyuzi 79
Karagwe: watu 332,000, nyuzi 49
Biharamulo: watu 323,000, nyuzi 47
Kyerwa: watu 321,000, nyuzi 47
Ngara: watu 320,000, nyuzi 47
Bukoba Vijijini: watu 290,000, nyuzi 42
Missenyi: watu 203,000; nyuzi 30
Manispaa ya Bukoba: watu 129,000; nyuzi 19
Jumla: watu 2,458,000, nyuzi 360

Kila pembe hupatikana kwa kugawanya idadi ya watu wa wilaya kwa jumla ya mkoa, kisha kuzidisha kwa 360. Kwa Muleba, 540 gawanya kwa 2,458 zidisha kwa 360 ni nyuzi 79. Mwanachuo hakukosea mahali popote katika hesabu hiyo. Hata hivyo wilaya tatu, yaani Biharamulo, Kyerwa na Ngara, zote zimepata nyuzi 47. Tofauti ya watu 3,000 iliyopo kati ya Biharamulo na Ngara imemezwa na ukadiriaji kabla chaki haijagusa ubao.

Kwa nini duara limeshindwa

Sababu ya kwanza ni jicho. Mtu anapolinganisha vipande viwili vya duara hulinganisha pembe mbili zilizoelekea pande tofauti, kimoja kikiwa juu kulia na kingine chini kushoto. Havina mstari mmoja wa kuanzia. Ni kama kuwapima urefu wanafunzi wawili, mmoja amesimama na mwingine amelala kitandani. Jambo hili limewahi kupimwa kwa majaribio: mwaka 1984 Wamarekani wawili, William Cleveland na Robert McGill, walionyesha kwamba watu hukadiria kwa usahihi zaidi wanapolinganisha vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja kuliko wanapolinganisha pembe.

Sababu ya pili ni nafasi. Kadiri vipande vinavyoongezeka ndivyo kila kimoja kinavyopungua, maana nyuzi ni 360 tu na haziongezeki. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe, na Missenyi kutoka Bukoba Vijijini. Kila wilaya mpya inapozaliwa, mwalimu wa takwimu hupata kipande kingine chembamba. Katika daftari la mwanafunzi, duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 4 humpa Manispaa ya Bukoba upinde wa sentimita 1.3 tu. Jina "Manispaa ya Bukoba" haliingii humo. Mtoto hulazimika kuliandika nje na kuvuta mshale, au kupaka rangi nane na kuandika ufunguo pembeni. Tangu hapo macho yake hayasomi tena takwimu. Yanakimbia kati ya ufunguo na duara yakitafuta ni kijani kipi kilichokusudiwa.

Kuchora upya kwa mihimili ya kulala

Badala ya duara, tumia grafu ya mihimili, na mihimili hiyo ilale badala ya kusimama. Mihimili ikisimama, majina marefu ya wilaya hubanana chini yake na wanafunzi huyaandika kwa mshazari. Ikilala, kila jina huandikwa wima wa kawaida, kushoto kwa mhimili wake, nalo husomeka kama neno lolote katika kitabu.

Fuata hatua hizi ubaoni. Kwanza, panga wilaya kuanzia yenye watu wengi hadi yenye watu wachache. Usizipange kwa alfabeti, kwa kuwa mpango wa ukubwa wenyewe hujibu nusu ya maswali ya darasa. Pili, chora mstari mmoja wa wima upande wa kushoto. Huo ndio sifuri, na mihimili yote itaanzia hapo. Tatu, chagua skeli. Sentimita 1 kwa watu 5,000 inafaa ubaoni: mhimili wa Muleba utakuwa na sentimita 108, wa Karagwe 66, na wa Manispaa ya Bukoba karibu 26. Katika daftari la miraba, sentimita 1 kwa watu 50,000 inatosha, na Muleba itachukua sentimita 10.8. Nne, fanya mihimili yote iwe na upana mmoja, kwa mfano sentimita 6 ubaoni, na nafasi ya sentimita 3 kati ya mmoja na mwingine. Tano, andika idadi mwishoni mwa kila mhimili. Rangi moja yatosha.

Sasa tulirudie swali la yule msichana. Ubaoni mhimili wa Biharamulo unaupita ule wa Ngara kwa milimita 6. Ni kidogo, lakini jicho linauona, kwa sababu yote miwili imeanzia mstari mmoja na iko karibu. Karagwe inaipita Biharamulo kwa karibu sentimita 2, na Bukoba Vijijini inarudi nyuma ya Ngara kwa sentimita 6. Katika duara hatua hizi zote zilikuwa zimefichika.

Tusidai makubwa kupita kiasi. Kati ya Kyerwa na Ngara tofauti ubaoni ni milimita 2, nayo ni nyembamba kuliko mstari wa chaki. Katika daftari hata Biharamulo na Ngara zitaonekana sawa. Mchoro unaoonyesha kwamba wilaya hizi zinakaribiana sana umesema kweli. Anayetaka kujua ipi inaizidi nyingine husoma namba iliyoandikwa mwishoni. Ndiyo maana hatua ya tano haiachwi.

Makosa mawili ya kuangalia

Kosa la kwanza ni kutoanza na sifuri. Mwanafunzi anayetaka kuokoa nafasi huanzisha mihimili yake kwenye 100,000, akijitetea kwamba hakuna wilaya yenye watu pungufu ya hapo. Matokeo yake, Muleba hubakiwa na sehemu ya 440,000, na Manispaa ya Bukoba sehemu ya 29,000. Kwa macho Muleba itaonekana kuwa mara 15 ya Manispaa, hali kwa kweli ni mara 4 na kidogo. Unaposahihisha madaftari, mwambie mtoto apime kwa rula mhimili mrefu na mfupi, agawanye, kisha agawanye namba zenyewe. Majibu mawili yasipokaribiana, mstari wa kuanzia si sifuri.

Kosa la pili hutokea mwalimu anapotaka kupunguza vipande kwa kuviunganisha. Tuseme darasa la wanafunzi 60 mjini Bukoba limeulizwa tunda lipendwalo zaidi, na majibu ni haya: embe 15, parachichi 12, nanasi 10, fenesi 8, ndizi mbivu 6, papai 3, pera 2, chungwa 2, pasheni 1 na zambarau 1. Katika duara kila mwanafunzi ni nyuzi 6, na matunda matano ya mwisho yatakuwa msongamano wa mistari. Mwalimu huyaunganisha na kuyaita "Mengineyo", jumla 9. Tazama kilichotokea: "Mengineyo" sasa yameizidi fenesi na ndizi, na mtoto asiyeuliza atadhani kuna tunda la namna hiyo linalopendwa na wengi. Ikiwa huna budi kuunganisha, weka mhimili wa "Mengineyo" chini kabisa hata kama ni mrefu kuliko uliotangulia, uuache bila kupakwa rangi, na uandike kando yake majina ya yaliyomo. Lakini kwa vitu kumi tu, mihimili kumi huingia katika ukurasa mmoja bila shida, na yule mtoto mmoja aliyetaja zambarau ataiona sauti yake ubaoni.

Duara libaki wapi

Kuna jambo moja ambalo mihimili hailisemi kwa urahisi, nalo ni uhusiano wa sehemu na kitu kizima. Duara humwambia mtoto papo hapo kwamba hiki kizima ndicho mkoa. Kwa hiyo, ukitaka kufundisha kwamba Muleba peke yake ilikuwa na zaidi kidogo ya moja ya tano ya watu wa mkoa, chora duara lenye vipande viwili, Muleba nyuzi 79 na wilaya nyingine zote nyuzi 281. Hapo duara linasomeka. Kwenye mihimili upungufu huo huzibwa kwa kuandika asilimia baada ya idadi: Muleba 22.0, Karagwe 13.5, na kadhalika hadi Manispaa ya Bukoba 5.2.

Kanuni ninayowapa wanachuo wangu ni hii: vipande viwili hadi vinne vinavyotofautiana waziwazi, duara linafaa. Vikizidi hapo, au viwili vikikaribiana, au jina likikosa kuingia ndani ya kipande chake, chora mihimili. Na kabla ya kwenda darasani mwite mwenzako, funika namba zote kwenye mchoro wako, umwombe apange sehemu zake kuanzia kubwa hadi ndogo. Akisitasita, badili mchoro.

Mazoezi

1. Chora katika daftari la miraba grafu ya mihimili ya wilaya za Kagera kwa skeli ya sentimita 1 kwa watu 50,000. Taja jozi za wilaya ambazo huwezi kuzitofautisha bila kusoma namba.

2. Unganisha Bukoba Vijijini na Manispaa ya Bukoba kuwa sehemu moja. Itakuwa na nyuzi ngapi katika duara, na itakuwa ya ngapi katika mpango wa mihimili?

3. Sensa nyingine ilifanyika mwaka 2022. Tafuta idadi ya watu wa wilaya zilezile, chora mihimili yake kwa skeli ileile, kisha eleza ikiwa mpangilio umebadilika.

4. Andaa maswali matatu ambayo mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuyajibu kwa kutazama mihimili bila namba, na moja ambalo hawezi kulijibu bila kusoma namba.