Mazao, Matokeo na Mategemeo katika Mpango wa Kazi

Msimamizi wa kazi ya jamii aombaye msaada hupewa siku hizi karatasi iitwayo bango kitita, yenye mistari minne na safu nne, aijaze kabla ya kupata fedha. Asili yake ni Marekani. Mwaka 1969 shirika la misaada la serikali ya nchi ile liliitengenezewa na Leon Rosenberg na wenzake, kwa sababu mipango yake ilikuwa haisemi wazi ni nini kingalionekana kama kazi ingalifanikiwa. Hata wakaguzi walipokuja, kazi yao iligeuka kuwa mabishano. Baadaye Wajerumani na wengine waliichukua, ikaenea pote.

Safu ya kwanza husomwa toka chini kwenda juu: kazi zenyewe, kisha mazao, kisha matokeo, na juu kabisa lengo kuu. Safu ya pili yataja vipimo, ya tatu yataja mahali pa kupata ushahidi, na ya nne yataja mategemeo. Shida ya sisi tusemao Kiswahili yaanzia kwenye maneno. Wengi huandika “matokeo” katika mstari wa pili na wa tatu pia, na mambo mawili yaliyo mbali huonekana kuwa jambo moja. Kwa hiyo katika somo hili neno “zao” litakuwa la kile tunachokitengeneza na kukikabidhi sisi wenyewe, na neno “matokeo” litakuwa la mageuzi yanayoonekana katika maisha ya watu kwa sababu ya zao lile.

Tuseme kijiji kimoja cha milimani, kama vile kule Usambara, chataka kujengea chemchemi 3 kwa vitongoji 3, kila kitongoji nyumba 60, yaani watu kama 300. Kuchimba, kubeba mawe, kununua saruji na kufundisha kamati, hizo ni kazi. Chemchemi 3 zilizojengewa, zenye bomba litoalo maji, na kamati 3 zilizokwisha kufundishwa, hayo ni mazao. Msimamizi aweza kuulizwa habari zake moja kwa moja, maana yamo mikononi mwake. Lakini wenye nyumba kuacha maji ya mtoni na kunywa ya chemchemi mwaka mzima, hilo silo zao. Hakuna fundi awezaye kulijenga. Ni matokeo, kwani lategemea uamuzi wa mama ashikaye ndoo asubuhi. Juu yake liko lengo kuu, kwamba magonjwa ya kuhara yapungue kwa watoto. Na hilo lina sababu nyingi zaidi ya chemchemi.

Basi, njia rahisi ya kupambanua ni kuuliza: Ni nani atendaye? Kama mtendaji ni sisi, ni zao. Kama mtendaji ni yule tuliyemjengea, ni matokeo. “Watu 180 wamefundishwa” ni zao, ijapokuwa ndani yake mna watu. “Nyumba 180 zafunika mitungi yao” ni matokeo.

Sasa tuje kwenye mategemeo, maana ndipo mipango mingi inapovunjikia. Wengine huyaita “dhana”, lakini neno hilo humfanya mtu aandike mawazo yake tu. Tegemeo ni jambo lililo nje ya uwezo wetu ambalo lisipokuwa kweli, ngazi hukatika. Tena lina mahali pake. Husomwa hivi: tukipata mazao haya, na jambo hili likawa kweli, ndipo matokeo yatakapofuata. Kwa hiyo tegemeo la kutuvusha toka mazao kwenda matokeo huandikwa katika mstari wa mazao, wala si wa matokeo.

Kila tegemeo lapitishwa katika maswali mawili. Kwanza, je, limo mikononi mwetu? “Mafundi watajenga vizuri” si tegemeo hata kidogo. Kuwasimamia mafundi ndiyo kazi yetu, na mwenye kuliandika hapo ajitafutia udhuru mapema. Pili, je, yaelekea kuwa kweli? Likiwa hakika, lifutwe. Likiwa yaelekea, liandikwe na kuangaliwa kila miezi michache. Likiwa halielekei, mpango wenyewe hauna budi kubadilishwa. Na kama haubadiliki, kazi isianzwe.

Katika kijiji chetu imeandikwa: “Chemchemi hazitapungukiwa na maji wakati wa kiangazi.” Hilo lapimika kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji. Mwisho wa kiangazi, kabla mvua za vuli hazijaanza, msimamizi aende na debe la lita 20 na saa. Tuseme chemchemi ya kwanza yajaza debe kwa dakika 4. Ni madebe 15 kwa saa, na kwa saa 12 za mchana ni madebe 180, yaani lita 3,600. Hata katika misaada ya wakati wa maafa kipimo cha chini hutajwa kuwa lita 15 kwa mtu kwa siku. Basi maji yale yatosha watu 240, na watu wa kitongoji ni 300. Tegemeo limeanguka. Lakini usiku chemchemi yatoa lita 3,600 nyingine ambazo zamwagika bure. Likijengwa tangi la kuyaweka maji ya usiku, jumla yawa lita 7,200, za kutosha watu 480. Hivyo kilichokuwa tegemeo kimegeuka kuwa zao jipya, na gharama yake yaingia katika hesabu.

Tena imeandikwa: “Mwenye shamba ataruhusu watu wapite.” Mzee amekubali kwa mdomo, lakini ana wana wawili ambao hawakuulizwa. Hilo nalo lisiachwe katika safu ya nne. Liwe kazi ya kwanza kabisa, yaani mapatano yaandikwe mbele ya serikali ya kijiji, na wana wale wakiwapo.

Likiisha kusafishwa hivyo, safu ya nne hubaki na machache. Katika mstari wa matokeo litabaki hili: maji yaliyo safi bombani yatafika kinywani yakiwa bado safi. Limejulikana sana kwamba maji huchafuka katika ndoo na mtungi nyumbani. Lisipoangaliwa, watu watakunywa maji ya chemchemi na watoto wataendelea kuhara, na hakuna atakayejua sababu.

Kuhusu vipimo, nasema neno moja tu. Kipimo cha matokeo kitaje idadi, mahali na wakati, tena idadi ya kabla ya kujenga ijulikane. Wala usitosheke na kuuliza nyumba kwa nyumba, kwa maana watu humjibu mgeni yale yampendezayo. Akae mtu kando ya chemchemi tangu alfajiri hata jioni, ahesabu ndoo, na mwingine akae mtoni.

Hapo taarifa ya msimamizi haitasema tena, “Matokeo: chemchemi 3.” Itasema: “Mazao: chemchemi 3 na tangi 1 zimekabidhiwa. Matokeo: mwezi wa Septemba nyumba 130 kati ya 180 zilichota chemchemini, nyumba 50 zilizobaki ni za upande wa chini, ambao mto u karibu nao zaidi. Twaomba ruhusa ya kupeleka bomba la pili.”